Kufuta "s" hakutoshi: "informations", "advices" na "furnitures"

Tuanze na ujumbe huu: "Thank you for the informations. Your advices were useful, but the furnitures are still few and I need one more advice about them." Anayeusoma ataelewa kila kitu. Hata hivyo una makosa manane, na ukifuta "s" kwenye yale maneno matatu, matano bado yanabaki.

Kiingereza hugawa nomino katika makundi mawili. Zipo zinazohesabika, kama "chair": unasema "a chair", "two chairs". Zipo zisizohesabika, kama "furniture": haina wingi, haitanguliwi na "a", haikubali namba mbele yake, na kitenzi chake huwa cha umoja siku zote. "Information" na "advice" zimo katika kundi hili la pili.

Wengi hufundishwa kwamba kisichohesabika ni kitu kama maji au mchanga, kisha wanashangaa. Viti na meza si vinahesabika? Vinahesabika, ndiyo, lakini kinachoamua ni neno, si kitu chenyewe. "Chair" linataja kitu kimoja kimoja. "Furniture" linavitaja vyote kwa jumla, kama shehena moja. Wafaransa husema "informations" kwa wingi bila kosa lolote, na kitu wanachokizungumzia ni kilekile. Kwa hiyo usitafute mantiki kwenye kitu. Jifunze tabia ya neno.

Kwetu sisi mtego uko kwenye ngeli. "Taarifa" na "samani" hazibadiliki umbo, ila upatanisho hufichua wingi: taarifa hizi, samani zile. Akili inayosikia "hizi" inatafsiri "these", kisha "s" inajileta yenyewe. Ajabu ni kwamba kwenye "ushauri" Kiswahili kingetuokoa. Tunasema "ushauri mwingi", kwa umoja, sawasawa na Kiingereza, wala hakuna anayesema "ushauri tatu". Nadhani "advices" inatokana zaidi na ile kanuni ya darasani kwamba vikizidi kimoja, ongeza "s".

Turudi kwenye ujumbe. "The informations" inakuwa "the information", basi. "Your advices were" inakuwa "your advice was", kwa sababu neno likibaki la umoja, kitenzi nacho hulifuata. Kwenye samani hatuwezi kuandika "the furniture is few", maana "few" ni ya vitu vinavyohesabika tu, kama ilivyo "many". Mwenzake "many" upande wa pili ni "much". Kiswahili hutumia "-ingi" kwa yote mawili, ndiyo maana tofauti hii hutuponyoka. Tunaandika basi "there is still not much furniture". Mwisho "them" inageuka "it", kwani inarejelea neno la umoja.

Limebaki "one more advice". Hapa mwandishi anataka kweli kuhesabu, na Kiingereza kinamruhusu, mradi akope neno la kuhesabia: "one more piece of advice". Likija suala la wingi, "s" inakwenda kwenye neno lile la kukopa: "two pieces of furniture", "three pieces of information". Ujumbe mzima unasomeka hivi:

"Thank you for the information. Your advice was useful, but there is still not much furniture, and I need one more piece of advice about it."

"Piece of" ikirudiwa mno huchosha. Mara nyingi ni bora kuchagua neno linalohesabika tangu mwanzo: "two suggestions" badala ya ushauri, "a few details" badala ya taarifa, "four chairs and a table" ikiwa unajua hasa ni samani zipi. Na ukishindwa kukumbuka neno liko kundi gani, "some" na "a lot of" hukubalika na makundi yote mawili, ingawa bado itabidi uamue kuhusu "s".

Usichanganye "advices" na "advises". Hii ya pili ni kitenzi, na "she advises us" ni sahihi kabisa.

Ukikutana na "informations" kwenye hati ya mahakama ya Uingereza, usikimbilie kalamu nyekundu. Katika sheria neno hilo lina maana nyingine, yaani shtaka linalowasilishwa rasmi, na mashtaka huhesabika. Vivyo hivyo "advices" katika barua za benki na biashara huwa ni hati za kumjulisha mteja kuhusu malipo au mzigo. Hapo hakuna anayemshauri mtu.