Jina la mwajiri halikai kwenye aya ya "kuhusu sisi"

Nimeletewa tena kazi ileile ya kuandika tangazo la kazi. Supamaketi inakua, inafungua tawi jipya, wanatafuta makeshia, na bosi anataka tangazo "lijenge na jina letu kama waajiri", kwa hiyo eti nimuongezee tu aya moja tamu pale juu kuhusu kampuni na picha ya vijana wamevaa aproni wanacheka. Jamani. Hiyo aya ya juu ndiyo ambayo karibu kila mtu anairuka. Mtafuta kazi anashusha kidole mpaka kwenye mshahara, shifti, mahali na siku ya mwisho ya kutuma, na jina lako linajengeka au linabomoka hapohapo.

Na wala siyo mimi niliyeanza kusema hivi. Tim Ambler na Simon Barrow walipoandika makala yao kuhusu brandi ya mwajiri mwaka 1996, walisema ni jumla ya faida za kikazi, za kipato na za kisaikolojia ambazo mtu anazipata kwa kuajiriwa na kampuni fulani. Hapo hakuna logo wala kaulimbiu, kuna vitu ambavyo mtu anavipata kweli. Sasa angalieni nililoletewa, nimeligeuza kidogo wenyewe wasijijue:

"Supamaketi inayokua kwa kasi inatafuta makeshia wachangamfu, wanaojituma, wenye uwezo wa kufanya kazi chini ya presha. Jiunge na familia yetu! Mshahara mzuri kwa atakayefaa. Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa."

Futa supamaketi weka benki, weka hoteli, weka kiwanda cha sabuni, bado linasomeka. Hilo tu lingetosha kulitupa, lakini kinachonikera zaidi ni kwamba aliyeliandika alikuwa anamfikiria msomaji mmoja tu, yule asiye na kazi. Tangazo la supamaketi linasomwa na wengine wawili muhimu kuliko huyo.

Wa kwanza ni keshia uliyenaye tayari. Ukishalirusha, kabla halijafika popote limeshatua kwenye grupu la Wasap la wafanyakazi, na mtu ambaye ratiba yake ya Jumamosi ameipata Ijumaa usiku anasoma "familia yetu", basi unajua mwenyewe emoji zinazofuata. Halafu binamu yake anamuuliza "vipi hapo kwenu, nitume?" Jibu la huyo keshia lina nguvu kuliko tangazo lako lote, hata ukililipia matangazo ya mtandaoni mwezi mzima. Kwa hiyo mimi rasimu haitoki kabla ya kusomwa na watu wanne watano wa chini: wa kaunta, wa rafu, wa stoo, wa bekari anayeingia alfajiri. Meneja asiwepo. Siwaulizi kama ni zuri, watasema zuri. Nawauliza ni mstari gani utawachekesha, na ule wanaouonyesha unafutwa, au kitu kinachosemwa kwenye mstari huo kinarekebishwa kwanza ndipo tuendelee.

Wa pili ni mteja, nitamrudia.

Tuje kwenye "kufanya kazi chini ya presha". Presha gani? Keshia mzoefu anajua presha za aina nyingi na baadhi hazimsumbui kabisa. Foleni ya mwisho wa mwezi ni kazi ya kawaida. Kinachomkimbiza ni yale ambayo tangazo halisemi. Tuseme tawi linafunga saa tatu usiku. Saa tatu mlango umefungwa lakini bado kuna mteja na toroli limejaa, akishatoka yule ndiyo unahesabu droo, unalinganisha na ripoti ya mashine, unamkabidhi supavaiza ambaye ana makeshia wengine sita wanamsubiri, unatoka karibu saa nne. Ile saa nzima inalipwa au hailipwi? Kama inalipwa, andika, hiyo ni faida ya kipato na hujamwaga hela hata kidogo kuipata. Kama hailipwi basi tatizo lako siyo la mwandishi wa matangazo.

Halafu kuna shoti, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapotumia muda mwingi kubishana na mabosi. Keshia yeyote aliyewahi kushika kaunta akija intavyuu ana swali moja kichwani ambalo anaogopa kuliuliza: hela ikipungua kwenye droo inakuwaje? Anaogopa kwa sababu akiuliza anahisi ataonekana mwizi. Kwa hiyo haulizi, anaanza kazi, mwezi wa kwanza anakatwa, wa pili hayupo. Ukitaka kujua kampuni inamheshimu vipi mtu wa chini, usisome maono na dhamira yake, uliza nani ana ufunguo wa droo. Droo ni ya mtu mmoja kwa shifti nzima au akienda kula mwenzake anakaa palepale na kuuza kwa jina lake? Inahesabiwa mbele yake au inabebwa ofisini halafu anaitwa kesho kuambiwa imepungua? Kama watu wawili wametumia droo moja na mnawagawia hasara nusu kwa nusu, yule mwaminifu ndiye atakayeondoka kwanza. Na kabla hujaandika chochote kuhusu makato, mwone mwanasheria, maana sehemu nyingi sheria inaweka mipaka kwenye kumkata mtu mshahara.

Bosi ananiambia, "Ukiandika shoti kwenye tangazo utawatisha watu." Nani atatishika? Mstari unaosema "Kila keshia ana droo yake, inahesabiwa mbele yake kabla na baada ya shifti" unamvuta keshia mzuri kutoka kwa mshindani wako ambako droo zinachangiwa. Anayetishika na kuhesabiwa, mwache atishike.

"Inayokua kwa kasi" nayo. Kukua ni habari ya mwenye hisa, keshia anataka kujua mimi nakua vipi. Piga hesabu basi. Chukua tawi la watu 60: meneja 1, wasaidizi 2, supavaiza 6. Wanabaki 51, na hao 51 wanaangalia nafasi 6. Tawi jipya linapofunguliwa nafasi zinapatikana kwa mkupuo, baada ya hapo mpaka mtu aondoke. Ndiyo maana "fursa nyingi za kupanda" ni ahadi inayooza haraka, siku kampuni ikipumzika kufungua matawi ngazi inasimama. Usiahidi cha mbele, sema kilichokwisha kutokea: "Supavaiza 4 kati ya 6 wa tawi hili walianzia kaunta au rafu kwenye matawi yetu." Nenda kwenye mafaili uhesabu, na kama ni 1 kati ya 6 usiandike, tafuta kingine cha kusema. (Na msiwahamishe wote wazuri kwenda tawi jipya, la zamani litayumba kimyakimya.)

Baada ya kubishana, hili ndilo lililotoka, mshahara, mahali na siku ya mwisho ya kutuma nimeviacha hapa tu, kwenye lenyewe vipo:

"Tunatafuta makeshia 20 wa tawi jipya. Mshahara wa kuanzia ni ___ kwa mwezi kabla ya makato. Shifti ni mbili, asubuhi na jioni, na ratiba unaipata wiki mbili kabla. Utafanya kazi wikiendi mbili kati ya nne na sikukuu kwa zamu. Kazi ni ya kusimama, mapumziko ni saa moja. Muda wa kuhesabu droo baada ya kufunga unalipwa. Kila keshia ana droo yake na inahesabiwa mbele yake. Supavaiza 4 kati ya 6 wa tawi hili walianzia kaunta au rafu. Kila atakayeomba atajibiwa ndani ya siku 14."

Halina aya ya kuhusu sisi. Limeajiri na limejieleza kwa maneno yaleyale.

Sasa niseme na upande ambao wauza semina hawausemi. Wazo la kumwonyesha mwombaji kazi ilivyo kweli, mabaya yakiwemo, limepimwa zamani. Mtafiti John Wanous alilijaribu kwa wafanyakazi wa kuunganisha simu, matokeo yakatoka 1973, na tafiti nyingi zimefuata. Jean Phillips alipozikusanya pamoja mwaka 1998 akakuta athari kwenye watu kuacha kazi ipo, ila ni ndogo. Ndogo! Na mimi nina shaka nyingine, kwamba jambo hili linahitaji mwombaji mwenye pa kuchagua. Asiye na chaguo ataomba hata ukimwambia atasimama usiku kucha, ukweli wako haumchuji, unamwandaa tu. Kwa hiyo tangazo likitoka vizuri na watu wakatulia, siwezi kukuapia kwamba ni tangazo, huenda ni mshahara, huenda ni meneja mpya mwenye adabu.

Ndiyo maana nakataa kupima kwa wingi wa maombi. Namba za mfano tu: tangazo la zamani limeleta maombi 500, ukaajiri 20, baada ya siku 90 wamebaki 12. Jipya limeleta 220, ukaajiri 20, wamebaki 16. Bosi anaona 500 imekuwa 220 anataka kulia. Mimi naona watu 4 ambao hukulazimika kuwatafuta upya na kuwafundisha mashine upya, na mafaili 280 ambayo hakuna aliyepoteza usiku kuyafungua. Halafu waulize walioondoka. Aliyetoka wiki za mwanzo akisema "sikujua kama wikiendi zipo", hilo ni la tangazo. Wakitoka wengi mwezi wa tatu na wote ni wa supavaiza mmoja, usiniletee tangazo nilirekebishe.

Na yule mteja niliyemwacha. Kiwanda cha saruji kikimkataa mwombaji, hawaonani tena. Supamaketi ikimkataa mwombaji, Jumamosi anakuja kununua unga, yeye na mama yake na majirani aliowaambia kwamba ameomba. Kwenye mfano wetu, hata kwa tangazo jipya lenye maombi machache, umewakataa 200. Ungebakiza "Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa", maana yake umewanyamazia wateja 200 wanaokaa jirani na tawi ambalo hata halijafunguliwa, halafu unalipa redio iwaalike kwenye uzinduzi. Ujumbe wa simu unatosha: "Asante kwa kuomba kazi ya keshia. Nafasi zote 20 zimejaa na safari hii hukuchaguliwa. Ukikubali, tutalitunza ombi lako miezi 6 na kukupigia nafasi ikitokea. Jibu NDIYO au HAPANA." Ila ukishaandika hivyo, mpe mtu kwa jina kazi ya kusoma hizo NDIYO, maana nimeona zinaingia kwenye simu ya ofisi ambayo chaji yake ilishapotea.