Sawazisha: sawa na nani?

Wiki iliyopita mhasibu wetu aliniita mezani kwake. "Kaka, bajeti haipo." Faili lilikuwa kwenye folda ya pamoja jana jioni, asubuhi halipo. Nikamuuliza kama kuna kitu amefuta. Hapana, ila usiku laptop yake ya nyumbani ilikuwa imejaa, akapunguzapunguza. Alipunguza nini? Mafaili ya kazini, kwa sababu, kwa maneno yake, "si yamesinkiwa? Si ndiyo bekapu hiyo?"

Nimelisikia jambo hilo mara nyingi mno, siwezi kunyamaza tena. Sinki kwanza ni la kuoshea vyombo, lakini hilo tuliache.

Kusawazisha mafaili ni kuhakikisha kwamba kompyuta mbili au zaidi zina folda moja yenye vitu vilevile, na kwamba badiliko la upande mmoja linafika upande wa pili. Basi. Kufuta nako ni badiliko. Yule dada alifuta nyumbani, mfumo ukafuta na ofisini, na kwa kufanya hivyo ulitimiza wajibu wake barabara.

Kinachoniudhi ni kwamba neno lenyewe la Kiswahili linasema haya wazi kuliko la Kiingereza. Lile la Kiingereza, synchronize, limetoka kwenye Kigiriki, na ndani yake mna "pamoja" na "wakati": mambo kutokea kwa wakati mmoja. Sisi tumelitoa kwenye sawa. Mwulize fundi anayesawazisha kiwanja anafanya nini. Penye shimo hujaza, penye kichuguu hukata. Vyote viwili ni kusawazisha. Wanaopendelea "kulandanisha" nao hawajaepuka kitu, maana kulandana ni kufanana, na vitu viwili vinaweza kufanana kwa kuwa vyote vimepungua. "Kuhifadhi", ambayo ndiyo kazi ya bekapu, ni neno la ukoo mwingine kabisa. Hafidh ni mtu aliyebeba Kurani kifuani, na msahafu ukiungua, yeye bado anayo.

Kwa hiyo swali la kwanza la anayebuni mfumo wa namna hii ni la fundi wa kiwanja. Faili liko ofisini, nyumbani halipo. Je, hapo nyumbani ni shimo la kujaza, au ofisini ni kichuguu cha kukata? Ukilinganisha pande mbili tu, huwezi kujua. Labda faili ni jipya, limeundwa ofisini na halijafika nyumbani. Labda ni la zamani na nyumbani limefutwa. Kwa macho hali hizo mbili ni moja.

Jibu ni kuweka kumbukumbu ya tatu: mara ya mwisho tulipokubaliana, hali ilikuwaje? Bajeti ya mhasibu ilikuwa hivi:

```
bajeti.xlsx
  makubaliano ya mwisho : toleo 7
  ofisini               : toleo 7
  nyumbani              : haipo
```

Ofisini hakujabadilika kitu tangu makubaliano, nyumbani kumebadilika, kwa hiyo limefutwa nyumbani: kata. Kama mstari wa makubaliano ungesema "haipo", jibu lingekuwa kinyume: faili ni jipya ofisini, jaza nyumbani. Mwaka 2020 wahandisi wa Dropbox, huduma ya kusawazisha mafaili, walipoeleza injini yao mpya, Nucleus, walisema imejengwa juu ya miti mitatu, yaani orodha tatu za folda na mafaili, ya namna hii: wa seva, wa kompyuta yako, na wa makubaliano ya mwisho. Ukiona mfumo unaofufua mafaili uliyokwisha kuyafuta, mara nyingi shaka ianzie kwenye mti huo wa tatu: umepotea au umeharibika.

Seva nayo haifuti jina papo hapo. Huacha alama, tuite kaburi: hapa palikuwa na bajeti.xlsx, ilifutwa baada ya toleo la 7. Bila kaburi hilo, laptop iliyokaa kabatini miezi mitatu ikiwashwa itadhani inaleta faili jipya. Kwenye kaburi hilohilo ndipo tulipoifukua bajeti ya yule dada, kwa sababu alikuja mapema. Dropbox, kwa akaunti ya bure, huruhusu kufukua ndani ya siku 30. Huo ni muda wa hisani. Usiuite bekapu.

Haya yote, jina, toleo, makubaliano, kaburi, ni metadata: habari kuhusu faili, na si faili lenyewe. Huwekwa kwenye hifadhidata yake, mbali na yaliyomo. Yaliyomo hukatwa vipande, na kila kipande hupewa hashi, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye baiti zake, kama alama ya kidole. Ukibadilisha baiti moja, hashi inakuwa nyingine kabisa. Dropbox hutumia vipande visivyozidi mebibaiti 4 na hashi ya SHA-256. Kwa seva, basi, faili ni orodha ya hashi kwa mpangilio wake na si kingine.

Tuchukue faili kubwa ili mtu aone faida yake. Video ya semina, mebibaiti 1,000. Hiyo ni vipande 250. Kwa mtandao unaopakia megabiti 2 kwa sekunde, kipande kimoja huchukua kama sekunde 17, na video nzima dakika 70 hivi. Programu haianzi kwa kumimina video. Huanza kwa kuipelekea seva orodha ya hashi 250 na kusema: faili hili limeundwa na vipande hivi. Seva hujibu: sina hiki, hiki na hiki. Kama mwenzako alishapakia video hiyohiyo kwenye folda hiyohiyo, seva itasema haikosi kitu, na dakika 70 zitageuka kufumba na kufumbua. Kama hakuna, vipande hupanda kimoja kimoja. Umeme ukikatika kwenye kipande cha 181, ukirudi programu inauliza tena, seva inataja vinavyokosekana, na ulichopoteza ni sekunde 17 za kipande kilichokuwa njiani. Watu wa bando wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Mpangilio ndio wa kuangalia sana: vipande kwanza, metadata mwisho. Jina la faili haliandikwi kwenye hifadhidata mpaka vipande vyote 250 viwe vimefika na hashi zake zimehakikiwa. Ukigeuza mpangilio, kompyuta za wengine zitaona video imekuja, zitakimbilia kuipakua, na zitakuta pengo katikati. Vipande vya mtu aliyekata tamaa njiani hubaki bila mwenyewe, na huzolewa baadaye na kazi ya usafi ambayo haipaswi kuwa na haraka, isije ikazoa cha mtu ambaye bado anapakia.

Kukata kwa urefu uleule kuna udhaifu wake. Ongeza baiti chache mwanzoni mwa faili na kila kipande kinasogea, hashi zote 250 zinakuwa mpya, ingawa kilichobadilika kweli ni kidogo. Tangu mwaka 1996 rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, inalikwepa tatizo hilo kwa kutafuta vipande vya zamani popote viliposogea, na mifumo mingine huchagua mahali pa kukata kwa kutazama baiti zenyewe, ili mpaka usogee pamoja na yaliyomo. Kwa bajeti yenyewe haya hayana uzito: .xlsx ni furushi lililobanwa kwa zip, la kilobaiti mia chache. Ni kipande kimoja, kinakwenda chote.

Sasa mgongano, na hapa Kigiriki kile cha "wakati" ndicho kinachowapoteza watu. Mhasibu yuko kwenye basi la Dodoma, hana mtandao, anarekebisha bajeti iliyo toleo la 7. Mkurugenzi yuko ofisini, naye anarekebisha toleo la 7. Nani ashinde? Wengi hujibu haraka: aliyeandika mwisho. Lakini mwisho kwa saa ya nani? Tuliwahi kuwa na laptop ambayo betri yake ndogo ya kwenye bodi ilikuwa imekufa, kila ikiwashwa bila mtandao inasema ni Januari ya miaka kadhaa nyuma. Kwa kanuni ya aliyeandika mwisho, mwenye laptop ile angeshindwa kila siku, kazi yake ingefutwa kimyakimya, wala hakuna ambaye angejua.

Mfumo makini hauulizi saa. Huuliza ulianzia wapi. Mkurugenzi anatuma kwanza: "hili limetokana na la 7." Seva iko kwenye 7, inakubali, linakuwa la 8. Mhasibu anafika Dodoma, anapata mtandao, programu yake inatuma: "hili limetokana na la 7." Seva sasa iko kwenye 8, inakataa. Programu inashusha la 8, na kazi ya mhasibu inaiweka kando yake kama faili la pili, jina lake likiongezewa maneno ya kuonyesha ni nakala yenye mgongano, ya nani na ya siku gani. Kazi zote mbili zipo. Kuziunganisha ni kazi ya watu wawili waliokaa na kikombe cha chai, kwa sababu mfumo unaona baiti tu, haujui kama posho ya safari imehamia mstari mwingine au imeandikwa mara mbili.

Na mmoja akifuta huku mwingine amehariri? Mifumo mingi yenye busara humpa ushindi aliyehariri, faili linarudi. Watu hulalamika kwamba "limekataa kufutika". Sawa, walalamike. Aliyefuta anaweza kufuta tena, lakini aliyehariri angeandika upya kutoka wapi?

Yule dada bado anaita kusawazisha bekapu, nimemsikia jana kwenye simu. Kwa hiyo, dada yangu, ukisema umesawazisha, tuko pamoja. Ukisema una bekapu, nitakuomba unionyeshe ile nakala ambayo usiku ule, ulipobonyeza Delete, haikupata habari.