Kwa nini ofa nzuri hunuka ikitoka kwa mwenye nyumba

Dada mmoja, fundi cherehani, alikuwa anatafuta fremu Sinza, Dar. Mzee mwenye nyumba alitaka 350,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi, yaani 2,100,000. Dada akasema ana 280,000 kwa mwezi, na atalipa mitatu mitatu. Wiki nzima wakavutana juu ya ile 70,000 katikati, kila mmoja akiamini kwamba shilingi anayoiachia ni hasara tupu kwake na faida tupu kwa mwenzake.

Hilo ndilo kosa la kwanza la akili katika kupatana: kuiona keki kuwa ni ya ukubwa uleule, kazi iliyobaki ni kukata tu. Kumbe hawakutaka vitu vilevile. Dada alihofia zaidi kutoa mtaji wote kwa mkupuo, kwa sababu vitambaa vya sikukuu hununuliwa kwa pesa taslimu. Mzee alichokichoka ni wapangaji wanaohama kila baada ya miezi michache, fremu inakaa tupu huku bati linavuja. Dawa yake ni kuuliza “kwa nini unataka miezi sita?” kabla ya kuuliza “utapunguza ngapi?”, kisha kuweka mezani mambo kadhaa kwa pamoja: bei, muda wa mkataba, awamu za malipo, matengenezo. Ukimaliza bei peke yake kwanza, huna tena cha kubadilishana.

La pili, kujiamini kupita kiasi, nitalipitia haraka. Dada alikuwa na uhakika mzee hatapata mpangaji mwingine. Mzee naye aliona dada lazima atarudi. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi. Watafiti Margaret Neale na Max Bazerman walilipima jambo hili kwa usuluhishi ambao msuluhishi huchagua ofa moja kati ya mbili bila kuzichanganya. Kwa wastani nafasi ya kila upande kushinda ni asilimia 50, lakini washiriki walijipa zaidi ya hapo. Namna ya kujirudi ni kuandika sababu mbili zinazoweza kukuangusha, halafu utoke ukahesabu. Dada alizunguka mtaani akakuta fremu mbili tu zenye kufuli, na zote bei juu. Sauti ikashuka.

Sasa njoo kwenye kosa ninaloona linavunja mapatano mengi zaidi mjini hapa. Siku ya tano mzee alipiga simu mwenyewe: “Mwanangu, basi lipa mitatu mitatu, ila tuandikiane miaka miwili, kwa 330,000. Bati utatengeneza wewe, tutakata kwenye kodi.” Malipo ya miezi mitatu ndiyo dada aliyoyalilia tangu mwanzo. Lakini alipokata simu tu akaanza: “Mbona amelegea ghafla? Hapa kuna kitu.”

Ofa imepoteza thamani kwa sababu ya mdomo ulioitoa. Mwaka 1986 watafiti Lee Ross na Constance Stillinger waliwauliza wapita njia Marekani kuhusu mpango uleule mmoja wa kupunguza silaha za nyuklia. Walioambiwa umetoka kwa rais wao Reagan, asilimia 90 waliona unaifaa nchi yao au una usawa kwa pande zote. Walioambiwa ni wa Gorbachev, kiongozi wa mahasimu wao Wasovieti, asilimia 44 tu. Maneno ya mpango hayakubadilika.

Kinga inaanza kabla ya ofa kufika. Andika kwenye karatasi unachokitaka kwa mpangilio, na kiwango utakachokubali. Ofa ikija, ipime kwa karatasi ile. Karatasi ya dada ilisema: malipo ya miezi mitatu kwanza, kutohamishwa pili, bei isizidi 335,000 tatu. Ofa ya mzee ilipita zote. Na wewe unayetoa ofa, usimpe mwenzako moja. Mpe mbili au tatu unazoweza kuziishi, achague. Alichokichagua mwenyewe hakitamnukia. Dalali mwerevu hulijua hili bila kusoma popote: huchukua wazo la upande mmoja akalipeleka kama lake.

Ila shaka nyingine ni za kweli, hasa Dar. Tofauti ni kwamba shaka yenye msingi ina kitu cha kwenda kukiangalia, wakati ile nyingine inaishia kwenye “simwamini tu”. Dada alitazama ukuta kama una alama ya X nyekundu ya bomoabomoa, akapita ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama kuna mgogoro wa nyumba, akamuuliza fundi viatu wa jirani kwa nini mpangaji aliyetangulia aliondoka.

“Alichoka kuloana,” fundi viatu akajibu, akionyesha bati.

Bati lilikuwa tayari kwenye ofa. Kesho yake dada alipeleka 990,000.