Nukta mwishoni mwa kiungo: kwa nini tangazo la bei hufunguka kwa mmoja na kukataa kwa mwingine

Msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba, taarifa nyingi zinazowahusu wakulima wa Masasi, Tandahimba, Newala na Nanyumbu huwafikia kwenye simu kabla hazijabandikwa ukutani pale ghalani. Karani wa chama cha msingi hupokea kiungo cha orodha ya bei, hukinakili, hukibandika ndani ya ujumbe wake na kuusambaza kwa wanachama. Muda mfupi baadaye malalamiko huanza. Mmoja anasema kiungo hakibonyezeki, mwingine anasema kinabonyezeka lakini kinamwambia kwamba hati haipo, na wa tatu anasema kwake kimefunguka bila shida. Wote watatu husema kweli, na mara nyingi seva yenye hati hiyo haina hitilafu yoyote.

Tuchukue ujumbe mmoja tuuangalie kwa karibu. Jina la tovuti lililotumika hapa, example.org, limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo msomaji asitafute bei huko.

```
Bei za leo zipo https://example.org/korosho/bei-mnada.pdf. Makarani watangazie wanachama.
```

Kwa macho ya mtu aliyefundishwa kuandika vizuri, ujumbe huu hauna kasoro: sentensi ya kwanza imefungwa kwa nukta, na ya pili imeanza kwa herufi kubwa. Tatizo ni kwamba nukta ile inasomwa na wasomaji wawili wenye kanuni tofauti, yaani binadamu na programu ya simu.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba karani anapotuma ujumbe wa aina hii hatumi kiungo, bali hutuma herufi tupu, moja baada ya nyingine. Rangi ya buluu, mstari wa chini na uwezo wa kubonyezeka vinatengenezwa upande wa pili, na programu ya mpokeaji, wakati ujumbe unapooneshwa kwenye kioo. Programu hupitia maandishi ikitafuta dalili za anwani, hasa `https://`, `http://` au `www.`, na ikiipata husonga mbele herufi kwa herufi hadi ikutane na nafasi au mstari mpya. Hapo ndipo inapohesabu kwamba anwani imekwisha. Kwa kuwa kila mtengenezaji wa programu ameandika kanuni zake, ujumbe uleule unaweza kuonekana kwa namna tatu katika simu tatu, na karani aliyejaribu kiungo kwenye simu yake mwenyewe kikafunguka bado hajapata uhakika kwamba kitafunguka kwa mzee wa Kitangari mwenye simu ya zamani.

Sasa turudi kwenye nukta. Programu imefika kwenye nafasi iliyo kabla ya neno "Makarani", na mkononi ina herufi zote hadi `bei-mnada.pdf.`, nukta ya mwisho ikiwa ndani. Je, nukta hiyo ni sehemu ya anwani, au ni ya sentensi? Hakuna njia ya kujua kwa uhakika, kwa sababu nukta ni alama halali kabisa ndani ya anwani. Mwongozo unaoweka muundo wa anwani za mtandao, RFC 3986 uliotolewa Januari 2005, unaitaja nukta pamoja na herufi, tarakimu, kistari, mstari wa chini na kiwimbi kuwa alama zinazoruhusiwa bila masharti. Anwani inaweza kuishia kwa nukta na ikawa sahihi. Programu nyingi za sasa hukisia kwamba nukta ya mwisho ni ya mwandishi, hivyo huiondoa kwenye kiungo pamoja na mkato, alama ya mshangao na alama ya kuuliza zilizo mwishoni. Programu nyingine, hasa za zamani au zilizoandikwa kwa haraka, huimeza. Mpokeaji mwenye programu ya aina hii ya pili akibonyeza, seva huombwa hati iitwayo `bei-mnada.pdf.` yenye nukta, na kwa seva nyingi jina hilo ni tofauti na `bei-mnada.pdf`, kama vile akaunti mbili za benki zinazotofautiana tarakimu moja. Jibu linalorudi ni 404, yaani hati haipo.

Anayesimamia seva anaweza kuona jambo hili bila kumuuliza mtu yeyote. Katika kumbukumbu za maombi ataona mistari miwili ikifuatana, wa kwanza umefanikiwa na wa pili umekataliwa, na tofauti yake ni nukta tu:

```
GET /korosho/bei-mnada.pdf   200
GET /korosho/bei-mnada.pdf.  404
```

Mpokeaji naye anaweza kujihakikishia. Akandamize kiungo kwa muda badala ya kukigusa na kuachia. Simu nyingi zitamwonesha anwani nzima au zitampa nafasi ya kuinakili. Aangalie mwisho wake. Kama ameshafika kwenye ukurasa wa 404, aguse sehemu ya anwani juu ya kivinjari, afute nukta ya mwisho, kisha afungue tena.

Watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu wameona viungo vyenye nukta mwishoni vikifunguka vizuri. Hilo nalo lina sababu yake. Ikiwa ujumbe umetaja jina la tovuti peke yake, kwa mfano `https://example.org.`, nukta hiyo iko mwishoni mwa jina la tovuti na si mwishoni mwa jina la hati. Katika mfumo wa majina ya mtandao, jina kamili la tovuti kwa kweli huishia kwa nukta inayowakilisha shina la mfumo mzima, ila kwa mazoea haiandikwi. Kwa hiyo tovuti nyingi hufunguka hata nukta hiyo ikiwepo. Baada ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, hata hivyo, huruma hiyo inakwisha, na kila alama huhesabiwa kuwa sehemu ya jina la kitu kinachoombwa. Ndiyo maana karani aliyezoea kutuma jina la tovuti pekee hushangaa siku anapotuma hati.

Nukta hiyo pia haitokani na mwandishi kila wakati. Kibodi za simujanja nyingi zimewekwa hivi kwamba ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili mfululizo, simu huandika nukta ikifuatwa na nafasi. Karani anabandika kiungo, anagusa nafasi mara mbili bila kukusudia ili aendelee kuandika, na tayari nukta imekaa. Ninawasihi makarani wanaotuma matangazo ya malipo na pembejeo waangalie mahali hapo kabla ya kutuma, kwa sababu mkulima aliyetoka shambani akiwa na bando la siku moja hapaswi kulimalizia kwenye ukurasa usiokuwepo.

Kosa baya zaidi ya nukta ni nukta isiyofuatwa na nafasi. Wengi wetu huandika haraka na kuunganisha sentensi mbili hivi:

```
https://example.org/korosho/bei-mnada.pdf.Makarani watangazie wanachama.
```

Hapa hakuna programu itakayoweza kuokoa jahazi. Nukta haiko tena mwishoni, iko katikati, kwa hiyo hata programu yenye busara itachukua `bei-mnada.pdf.Makarani` kuwa jina moja la hati. Dalili yake ni rahisi: rangi ya buluu imevuka hadi kwenye neno la sentensi inayofuata.

Mazoea hayohayo ya kuunganisha sentensi bila nafasi huzaa kinyume chake, yaani viungo ambavyo hakuna aliyeviandika. Ukiandika "mnada ni kesho.Ni lazima mje", baadhi ya programu zinazotambua majina ya tovuti bila `https://` huigeuza `kesho.Ni` kuwa kiungo, kwa kuwa `.ni` ni kikoa cha nchi ya Nikaragua. Kiswahili kimejaa maneno mafupi ya kuanzia sentensi yanayolingana na vikoa vya namna hii: `.na` ni ya Namibia, `.je` ni ya kisiwa cha Jersey na `.la` ni ya Laosi. Mkulima akikutana na kiungo kama hicho asikibonyeze, kwa sababu kinapoelekea hakuna uhusiano na aliyetuma ujumbe.

Upande wa viungo visivyobonyezeka kabisa, au vinavyokatika katikati, mhusika mkuu ni nafasi. Hati ikihifadhiwa kwa jina `Bei za mnada.pdf`, na karani akaiandika anwani kwa mkono, programu ya mpokeaji itasimama kwenye nafasi ya kwanza na kutengeneza kiungo kinachoishia `/korosho/Bei`. Maneno "za mnada.pdf" yatabaki meusi pembeni. Anwani iliyonakiliwa kutoka kwenye kivinjari kwa kawaida huwa imebadilisha kila nafasi kuwa `%20`, na hiyo hupita salama, lakini ni vema zaidi anayepakia hati aipe jina lenye vistari tangu mwanzo. Kibodi nayo huweza kuingiza nafasi baada ya nukta, ikazaa `example. org`, na hapo anwani hufa palepale.

Namna iliyo salama ya kuandika ni kumaliza sentensi kabla ya kiungo, kisha kukiweka kiungo peke yake katika mstari wa mwisho, bila nukta, bila mabano na bila vinyota vya kukoleza maandishi, kwa kuwa kinyota nacho ni alama halali ya anwani na kinaweza kumezwa:

```
Bei za leo zimetoka. Makarani watangazie wanachama.
https://example.org/korosho/bei-mnada.pdf
```

Mwalimu wa lugha anaweza kulalamika kwamba mstari wa pili hauna nukta. Kwa maoni yangu, katika tangazo la umma, anwani inayofunguka ina haki kubwa kuliko nukta hiyo.

Kwa wenzangu wanaosimamia seva za halmashauri, vyama vikuu na taasisi za mkoa, tusiwaachie makarani mzigo wote. Seva ya nginx inaweza kuelekezwa iondoe nukta ya mwisho na kumpeleka mpokeaji kwenye hati sahihi kwa mstari mmoja:

```
rewrite ^(.+)\.$ $1 permanent;
```

Kabla ya kuuweka, hakikisheni kwamba tovuti yenu haina ukurasa ambao jina lake kweli linaishia kwa nukta, kwa sababu ukurasa huo hautafikika tena. Kurasa za namna hiyo zipo duniani. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu Martin Luther King Jr. ni mojawapo. Anayetaka kutuma anwani ya aina hiyo bila programu ya mpokeaji kuikata nukta anaweza kuandika `%2E` mahali pa nukta ya mwisho. Programu itaona herufi E mwishoni na kuiacha, na seva itaisoma tena kama nukta.