Picha ya bampa lililobonyea peke yake haitoshi kukwambia bei, bima wala usalama

Picha tunazotumiwa watsapu na wenye magari nyingi zinafanana: bampa limebonyea, limepigwa kwa karibu, namba ya gari haionekani, hujui hata kama ni la mbele au la nyuma, na chini yake swali moja, hii shingapi na bima watalipa? Hapo kuna maswali matatu na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Gharama ni ya fundi bodi, malipo yanategemea mkataba wako wa bima na nani kamgonga nani, na kama gari liendelee kutembea hilo ni la fundi aliyeinama akaangalia chini.

Ile tunayoita bampa, yaani unayoiona kwenye picha, kwa magari mengi ya sasa ni kava la plastiki tu. Nyuma yake kwa kawaida kuna foumu ngumu, halafu chuma kimekatiza upande mpaka upande kikiwa kimefungwa kwa bolti kwenye bodi, na hicho chuma ndo kinachopokea kishindo. Sasa plastiki ina tabia ya kurudi, inaweza kugongwa ikabonyea kidogo tu au ikajirudia yenyewe huku chuma cha ndani kimekunjika, na kinyume chake pia kipo, plastiki imebonyea vibaya ukaogopa, kumbe fundi akiimwagia maji ya moto na kuisukuma kwa ndani inarudi na chuma hakijaguswa.

Tuchukue mfano, gari dogo la saluni lipo kwenye foleni, pikapu imerudi nyuma ikaligonga kona ya kulia ya bampa la nyuma. Fundi bodi kaona picha kasema 180,000, kunyoosha na rangi. Mwenye gari ana bima kubwa, na tuseme kwenye mkataba wake imeandikwa kila dai yeye anabeba 300,000 za kwanza. Kwa bei hiyo bima yake haitoi hata shilingi, na wengi wanaishia hapo wanalipa wenyewe wanapiga rangi mambo yameisha.

Ila hebu fungua buti. Angalia mwanya kati ya mfuniko wa buti na bodi, upande wa kushoto kidole kinaingia, kulia hakiingii, na buti lazima ulibamize ndo lifunge. Inua kapeti, palipo na tairi la akiba bati limejikunja na rangi imepasuka. Hapo chuma kimesukumwa mpaka kwenye bodi, kava linatakiwa livuliwe kwanza ndo bei itajwe, na tuseme likishavuliwa inakuja 900,000.

Hesabu ya bima inabadilika kabisa. Akidai kwenye bima yake atapata 600,000 na huenda mwaka unaofuata akapoteza lile punguzo la bei ya bima wanalopewa wasiodai. Lakini aliyegonga ni pikapu, na bima ya pikapu hata kama ni ndogo inahusika na mali ya mtu mwingine, kwa hiyo anaweza kudai kule gharama yote bila kukatwa zile 300,000, mradi trafiki wamepima tukio na ripoti inaonyesha mwenye kosa ni nani. Bila ripoti, picha ya bampa haiwezi kuthibitisha chochote, linaweza kuwa la mwaka juzi.

Usalama usiusubirishe malipo. Kabla hujaondoka washa taa zote, mtu akae nyuma aangalie za breki na indiketa, hakikisha kava halisuguani na tairi, na angalia eksozi haijapasuka wala kusukumwa. Buti lisiloziba vizuri pamoja na eksozi inayovuja ni hatari kweli, kwa sababu kaboni monoksaidi inaingia ndani na haina harufu. Ikiwa ni bampa la mbele, angalia kama maji ya rejeta yanadondoka, na taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi na haizimi, gari lipelekwe kupimwa.

Picha zenye msaada piga palepale kabla magari hayajasogezwa, kama hayaleti hatari barabarani: magari yote mawili na namba zake kwenye picha moja, kona zote nne za gari lako, sehemu iliyogongwa kwa mbali na kwa karibu, chini ya bampa, na mwanya wa buti pande zote mbili. Kisha toa taarifa bima mapema hata kama hujaamua kudai, na usilitengeneze gari kabla asesa wa bima hajaliona. Na yule wa pikapu akikupa 200,000 barabarani usaini kwamba mmemalizana, usisaini mpaka kava limevuliwa, maana ukishasaini hizo 700,000 zilizobaki ni ngumu sana kuzidai, kwake na kwa bima yake.