Ripoti ya simu ya Jumapili na vidonge vya usingizi vya Jumatatu

Simu yangu huniletea ujumbe kila Jumapili: "Wastani wako ni saa 5 na dakika 10 kwa siku." Unamaanisha nini?

Ni muda ambao kioo kilikuwa kimewaka na programu fulani iko wazi mbele yako, ukajumlishwa kwa wiki nzima, kisha ukagawanywa kwa 7. Kwenye iPhone anayehesabu ni Screen Time, na kwenye Android nyingi ni Digital Wellbeing. Zote zimo ndani ya Settings. Muziki unaocheza huku kioo kimezimwa hauhesabiwi. Katuni anazotazama mwanao kwa simu yako zinaingia kwenye hesabu yako, kwa hiyo ziondoe kwanza kabla hujajilaumu.

Imeandika nimeshuka asilimia 15 kuliko wiki iliyopita. Si niko vizuri?

Bado hujajua. Wastani unakuambia saa ngapi kwa idadi, haukuambii ni saa ngapi za usiku. Saa tano za mchana dukani na saa tano zinazokula usingizi wako zinasomeka sawasawa.

Usiishie kwenye ujumbe. Kwenye iPhone gusa See All App & Website Activity. Ukiwa kwenye Week utaona orodha ya programu, iliyokula muda mwingi ikiwa juu. Kisha gusa Day, upitie siku moja moja ukitazama nguzo za kila saa. Mchoro huandika 12 AM pale penye saa sita usiku, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kwenye Digital Wellbeing gusa mchoro wa mbele, kisha fungua programu moja baada ya nyingine. Unatafuta jibu la swali moja: ni programu gani ilikuwa wazi baada ya saa nne usiku, na kwa siku ngapi?

Daktari, mimi tatizo langu ni usingizi, si simu. Nipe tu vidonge.

Ombi hili nalisikia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeomba amekwisha kupita duka la dawa. Nakuomba, usimeze kidonge cha usingizi kabla hujafungua ripoti hiyo.

Alikuja mama mmoja wa miaka 34, anauza nguo. Ilikuwa mara ya tatu anaomba vidonge. Alisema anaamka amechoka, kichwa kinagonga, na mchana anasinzia dukani. Presha yake ilikuwa sawa. Nikamwomba tufungue simu pamoja. Jumla ya wiki ilikuwa saa 36 na dakika 10: TikTok saa 14, WhatsApp saa 11, Facebook saa 4, YouTube saa 3, na vingine vidogo vidogo saa 4 na dakika 10.

Yeye alidhani mkosaji ni WhatsApp, kwa sababu ndiyo anayoisikia ikilia kutwa. Tukafungua siku moja moja. Saa za WhatsApp zilikuwa za mchana, wateja wanauliza saizi na bei. TikTok ilikuwa na saa 2 tu za mchana kwa wiki nzima. Saa 12 zilizobaki zilikuwa za usiku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa nne hadi saa saba usiku. Na huyu mama huamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule.

Hesabu ni rahisi: alikuwa analala kwa muda wa saa nne tu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mwili wake haukushindwa kulala, ulinyimwa nafasi. Hakuna kidonge kinachoongeza saa kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja.

Lakini nameza nusu tu ya diazepam. Au piriton, ambayo ni ya mafua. Ina ubaya gani?

Piriton inasinzisha, ndiyo, na uzito wake unaamka nao asubuhi, ukiwa kwenye bodaboda au jikoni penye moto. Diazepam ni jambo zito zaidi. Mwili unaizoea ndani ya wiki chache. Nusu inakuwa nzima, nzima inakuwa mbili. Ukiichanganya na pombe inaweza kuzuia pumzi. Mzee akiinywa anaweza kuanguka usiku na kuvunjika nyonga.

Kwa hiyo narudia: usinunue kidonge cha usingizi dukani bila cheti. Usipewe na jirani. Usimpe mama yako mzazi kilichobaki kwenye droo. Na kama umekwisha kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, usiache ghafla, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Njoo kituoni tupunguze dozi taratibu.

Niliweka kikomo cha dakika 30 kwa TikTok. Mbona hakinisaidii?

Kwa sababu kikifika unabonyeza Ignore Limit, halafu Ignore Limit For Today. Saa tano usiku, umechoka, utabonyeza kila mara. Unaweza kumwomba mwenzi wako aweke namba ya siri ya Screen Time asikuambie, kisha mkawasha Block at End of Limit. Hiyo inasaidia kiasi.

Kwa yule mama kilichofanya kazi ni kuitoa simu chumbani. Chaja ilihamia sebuleni. Alinunua saa ndogo ya kengele, kwa kuwa kisingizio cha kwanza huwa "naitumia kuniamsha." Simu iliwekwa kwenye chaji saa tatu na nusu usiku. Facebook na YouTube hatukuzigusa, hazikuwa na shida. Wiki ya kwanza alivunja utaratibu usiku mara mbili, na ripoti ya Jumapili ikatuonyesha usiku gani. Wiki ya tatu TikTok ilikuwa saa 5, nyingi za mchana, na alikuwa analala kabla ya saa nne na nusu. Vidonge hakuuliza tena.

Na biashara yangu iko WhatsApp. Wateja wakiandika usiku?

Andika kwenye wasifu wako kwamba unajibu hadi saa tatu usiku. Anayetaka gauni atasubiri asubuhi.

Nimeitoa simu chumbani na bado silali. Nifanyeje?

Kama zimepita wiki tatu, na ripoti inathibitisha kwamba kweli usiku hakuna kitu, njoo. Sasa tunatafuta sababu nyingine, na hapo pia usianze na duka la dawa.

Wapo wasiopaswa kusubiri hata hizo wiki tatu. Ukikoroma na mwenzako akasema pumzi inakatika ukiwa usingizini, njoo wiki hii. Ukiamka alfajiri na huzuni isiyoondoka, ukaona maisha hayana maana au ukawaza kujidhuru, njoo leo, na mwambie mtu akusindikize. Kichwa kikiuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au jicho moja likapoteza uwezo wa kuona, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usiseme "ni simu tu" ukalala nalo hadi kesho.

Ukija, njoo na simu ikiwa na ripoti za wiki mbili tatu, pamoja na pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile tupu.