Maji anayoharisha si yale uliyompa

"Usimpe maji, ataharisha zaidi." Kipindupindu kikiingia kwenye mialo ya Mwanza, maneno haya hufika kabla ya mgonjwa. Nimeyachoka. Anayeyasema anadhani mtu ni bomba: yaingiayo juu ndiyo yatokayo chini. Mgonjwa wa kipindupindu anaharisha maji ya damu yake mwenyewe.

Bakteria hawatoboi utumbo. Hujishika kwenye utumbo mwembamba na kumwaga sumu yenye vipande sita: vitano hung'ang'ania seli, cha sita huingia ndani na kuikwamisha swichi ikiwa imewaka. Seli hujaa cAMP, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, milango ya kloridi hufunguka, sodiamu huifuata kloridi utumboni, na maji hufuata chumvi. (Vitabu huishia hapo. Neva za utumbo nazo huchochea. Kwa kiasi gani, bado tunabishana.) Swichi hiyo haizimwi na mtu. Nafuu kamili huja utumbo unapoota seli mpya, baada ya siku chache.

Sasa mchukue mvuvi wa dagaa wa kilo 60. Maji yaliyo nje ya seli zake, ya damu yakiwemo, ni kama lita 12. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa lita moja kwa saa. Kimemwanza saa nane usiku. Saa mbili asubuhi lita 6 ziko kwenye ndoo, nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, zikinuka shombo. Nusu ya akiba imekwisha. Macho yamezama, mkojo hakuna, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika. Hapo kwenye ngozi nina mashaka: ya mzee hubaki hivyo hata akiwa mzima. Shika mshipa wa mkono. Usipousikia, damu iliyobaki haitoshi kuujaza moyo, figo zimesimama, na tindikali inapanda kwa sababu bikaboneti, chumvi inayoipoza tindikali, nayo imeharishwa.

Huyo anahitaji dripu ya Ringa, yenye chumvi: lita 1.8 ndani ya nusu saa, kisha lita 4.2 kwa saa mbili na nusu. Siyo ile dripu ya glukosi tupu, tafadhali! Haina chumvi, haikai kwenye mishipa.

Anayeweza kunywa, anywe ORS, maji ya chumvi na sukari. Sumu haijagusa mlango mmoja wa utumbo, ule unaopitisha sodiamu ikishikana na glukosi, na maji hupenya nazo. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na soda yenye sukari nyingi huvuta maji kurudi utumboni. Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kijiko kwa kijiko.

Na ndoo itaendelea kujaa. ORS haizuii kuhara, inarudisha kilichotoka. Ndugu wakiona ndoo ya pili imejaa huchukua kikombe na kukificha, ilhali ndoo hiyo ndiyo kipimo cha kiasi anachopaswa kunywa.